Kimo Si Upande wa Mshazari: Kupata Eneo la Kiwanja Kisicho na Pembe Mraba

Ukurasa wa mwanafunzi na mzazi

Karen ilikuwa shamba la kahawa hadi mwaka 1931, shamba hilo lilipouzwa na kuanza kukatwakatwa kuwa viwanja. Tangu wakati huo viwanja vimegawanywa tena na tena, kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto na kutoka kwa mwenye ardhi kwenda kwa mnunuzi. Barabara hujipinda, vijito hufuata mkondo wake, na ua wa jirani haukupandwa kwa kufuata rula. Kwa hiyo mkazi anayepima kiwanja chake mara nyingi hukuta kwamba hakina umbo la mstatili. Kimeegemea upande mmja kama kisanduku cha kiberiti kilichobonyezwa, au mbele ni chembamba na nyuma ni kipana.

Maumbo hayo ndiyo anayokutana nayo mwanafunzi wa Gredi ya 7 katika somo la eneo: msambamba, pembetatu na trapeza. Kosa linalomnyima alama darasani ndilo linalomgharimu mnunuzi fedha zake nje ya darasa. Kosa lenyewe ni kuchukua urefu wa upande wa mshazari na kuutumia kana kwamba ni kimo. Katika ukurasa huu tutachukua kiwanja kimoja cha mfano, tukipime, tukikate, na tuone kosa hilo linaingilia wapi na linagunduliwaje. Mwishoni kuna zoezi lenye majibu.

Kiwanja chetu cha mfano

Kiwanja kina bikoni nne za mpaka. Tuziite A, B, C na D. Bikoni A na B ziko mbele, kando ya barabara, na umbali kati yake ni mita 80. Bikoni D na C ziko nyuma, na umbali kati yake pia ni mita 80. Mpaka wa mbele na wa nyuma ni sambamba, yaani umbali kati yake haubadiliki. Mipaka ya kando, kutoka A hadi D na kutoka B hadi C, ina urefu wa mita 50 kila mmoja, lakini haikusimama wima kutoka barabarani. Imeegemea kulia. Ukisimama kwenye bikoni A na kutazama moja kwa moja ndani ya kiwanja, bikoni D haiko mbele yako. Iko kulia kwako.

Hili ni umbo la msambamba: pande zinazokabiliana ni sambamba na zinalingana kwa urefu.

Tuseme muuzaji anamwambia mnunuzi, "Mzee, hapa ni rahisi. Mbele ni 80, kando ni 50. Themanini mara hamsini ni mita mraba 4,000. Hiyo ni ekari moja, kasoro kidogo tu." Mnunuzi anatoa kikokotoo cha simu na kuhakikisha: 80 × 50 = 4,000. Ekari moja ni kama mita mraba 4,047. Maneno yanaonekana kuwa ya kweli, na hata utepe ukishikwa tena, mbele itasoma 80 na kando itasoma 50. Hakuna aliyedanganya kuhusu vipimo. Kilichokosewa ni hesabu.

Kwa nini upande wa mshazari haufai

Jaribu jambo hili nyumbani. Kata vipande viwili vya kadi vyenye urefu wa sentimita 8 na viwili vya sentimita 5. Viunganishe kwenye pembe kwa pini ili viweze kucheza, kimoja cha 8 chini, kingine juu, na vile vya 5 kando. Visimamishe wima kwanza. Umepata mstatili wa 8 kwa 5, na eneo la ndani ni sentimita mraba 40.

Sasa sukuma kipande cha juu taratibu kuelekea kulia. Vipande vya kando vinaanza kulala. Urefu wao bado ni sentimita 5, kwa kuwa kadi haikukatwa wala kunyooshwa. Lakini kipande cha juu kinashuka na kukaribia cha chini. Umbali kati ya vipande hivyo viwili ukifika sentimita 4, eneo la ndani ni 8 × 4, yaani 32. Ukifika sentimita 3, eneo ni 24. Endelea kusukuma mpaka vipande vyote vilaliane, na eneo limekwisha kabisa, ingawa pande zote nne zina urefu uleule wa mwanzo.

Jambo hilo linatuonyesha kwamba pande peke yake haziwezi kutwambia eneo. Kinachobadilika eneo linapobadilika ni umbali kati ya kitako na upande unaokikabili. Umbali huo, ukipimwa kwa mstari unaokutana na kitako kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90, ndio unaoitwa kimo.

Sababu yake inaonekana ukichukua mkasi. Chora msambamba kwenye karatasi, kisha kutoka pembe ya juu kushoto shusha mstari wima hadi kwenye kitako. Umekata pembetatu ndogo upande wa kushoto. Ichukue uisogeze hadi upande wa kulia, na itajaza pengo lililoko pale. Sasa una mstatili. Urefu wake ni kitako cha msambamba, na upana wake ni ule mstari wima ulioukata. Upande wa mshazari haukuwa upana wa mstatili huo hata kidogo. Kwa hiyo:

Eneo la msambamba = kitako × kimo

Kupata kimo uwanjani

Mnunuzi wetu ana utepe wa kupimia wa mita 50. Mtu mmoja anashikilia mwanzo wa utepe kwenye bikoni D, nyuma. Wa pili anautandaza hadi mpaka wa mbele na kutembea kando ya mstari huo, akisoma namba huku utepe umekazwa. Akianzia bikoni A, utepe unasoma mita 50. Anaposogea kulia, namba zinapungua: 48, 45, 42. Zinafika 40, kisha zinaanza kupanda tena. Mahali pale namba ilipokuwa ndogo kuliko zote ndipo utepe ulipokutana na mpaka kwa pembe mraba. Kimo ni mita 40. Mahali hapo tupaite E, na ukipima kutoka A hadi E unapata mita 30.

Kuna njia ya kuthibitisha kwamba pembe iliyoko E ni pembe mraba. Mafundi wa ujenzi huitumia kila wanapoweka msingi wa nyumba: pima mita 3 kwenye mstari mmoja, mita 4 kwenye mstari wa pili, na umbali wa kuunganisha ncha hizo mbili uwe mita 5 kamili. Ukiwa 5, pembe ni mraba. Katika kiwanja chetu uthibitisho uko wazi bila kupima tena, maana 30, 40 na 50 ni 3, 4 na 5 zilizozidishwa kwa kumi.

Angalizo moja kwa wakazi wa sehemu zenye mteremko, hasa viwanja vinavyoshuka kuelekea mtoni: utepe ushikwe ukiwa umelala sawasawa, usifuate mteremko wa ardhi. Umbali ulioandikwa kwenye ramani ni wa mlalo. Ukiacha utepe ufuate mteremko, umerudia kosa lilelile la mshazari, safari hii likiwa limejificha chini ya nyasi.

Sasa tuhesabu. Kitako ni mita 80 na kimo ni mita 40.

80 × 40 = 3,200

Eneo la kiwanja ni mita mraba 3,200, wala si 4,000. Kwa ekari, 3,200 ÷ 4,047 ni karibu 0.79. Mnunuzi aliyedhani ananunua ekari moja kasoro kidogo anapata chini ya robo tatu na nusu ya robo. Pungufu ni mita mraba 800. Kiwanja kile ambacho watu hukiita "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa futi 100, kina karibu mita mraba 465. Kwa hiyo zilizopotea kwenye hesabu zinazidi kiwanja kizima cha hamsini kwa mia na nusu yake juu. Tukikisia bei ya shilingi milioni 50 kwa ekari, kwa ajili ya hesabu tu, pungufu hilo ni karibu shilingi milioni 10.

Vitako viwili, vimo viwili

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, ni lazima kitako kiwe upande wa barabarani? Si lazima. Upande wowote unaweza kuwa kitako, mradi uuoanishe na kimo chake mwenyewe. Tukichukua upande wa mita 50 kuwa kitako, kimo chake ni umbali wa wima kutoka upande huo hadi upande wa pili wa mita 50. Ukipima utapata mita 64. Na 50 × 64 = 3,200, jibu lilelile.

Kosa linakuja ukichanganya. Anayechukua 80 na 64 anapata 5,120, ambayo inazidi hata 4,000. Hapo unaweza kugundua kosa bila kumwuliza mwalimu: eneo la msambamba haliwezi kuzidi pande mbili zilizozidishwa pamoja, kwa sababu msambamba ni mstatili uliosukumwa, na kusukumwa hupunguza eneo wala hakuliongezi.

Kukikata kiwanja: pembetatu

Tuseme mwenye kiwanja ana watoto wawili na anataka kuwagawia sawa. Anavuta uzi kutoka bikoni A, mbele kushoto, hadi bikoni C, nyuma kulia. Uzi una urefu wa karibu mita 117. Kila mtoto anapata pembetatu, na pembetatu hizo mbili zinalingana kabisa. Kila moja ni nusu ya msambamba, na ndiyo maana kanuni yake ni hii:

Eneo la pembetatu = ½ × kitako × kimo

Tazama pembetatu ya mbele, yenye bikoni A, B na C. Pande zake ni 80 barabarani, 50 kando, na 117 ya uzi. Kimo chake kiko wapi? Mwanafunzi wengi hutafuta ndani ya umbo, na kwa kuwa hawaoni mstari wa wima humo, huokota 50. Lakini bikoni C haiko juu ya kitako AB. Imepita kulia kwa mita 30. Ukishusha mstari wa wima kutoka C, unaangukia nje ya kiwanja, mita 30 mbele ya bikoni B kwenye mstari wa barabara uliorefushwa. Mstari huo una urefu wa mita 40, na ndio kimo. Kimo cha pembetatu kinaweza kuangukia nje ya pembetatu, na bado ni kimo chake halali. Kitako hakirefushwi katika hesabu. Kinabaki 80. Kilichorefushwa ni mstari wa kusaidia kupima tu.

½ × 80 × 40 = 1,600

Kila mtoto anapata mita mraba 1,600, na mbili zinafanya 3,200. Hesabu inakubaliana na ya kiwanja kizima.

Kukikata kiwanja: trapeza

Watoto wanalalamika. Kipande chembamba chenye ncha kali hakijengeki vizuri. Baba anabadili nia. Anakata kutoka bikoni D moja kwa moja hadi E barabarani, kwa ule mstari wa wima wa mita 40. Kushoto inabaki pembetatu ndogo ya bustani, na kulia kipande kikubwa cha nyumba.

Pembetatu ya bustani ina kitako AE cha mita 30, mstari DE wa mita 40, na mpaka wa mshazari AD wa mita 50. Hapa kimo hakikujificha, kwa sababu upande DE wenyewe unakutana na kitako kwa pembe mraba. Katika pembetatu ya namna hii upande mmoja ndio kimo, na ndio maana watoto huzoea kufikiri kwamba upande wowote unafaa. Angalia alama ndogo ya mraba kwenye pembe ya mchoro. Pande mbili zinazoigusa ndizo kitako na kimo. Upande usioigusa ndio wa mshazari.

½ × 30 × 40 = 600

Kipande cha nyumba kina mpaka wa mbele EB wa mita 50 (80 toa 30), mpaka wa nyuma DC wa mita 80, upande wa kushoto wa wima wa mita 40, na upande wa kulia wa mshazari wa mita 50. Pande mbili ni sambamba na nyingine mbili si sambamba. Hiyo ni trapeza.

Eneo la trapeza = ½ × (jumla ya pande sambamba) × kimo

Kwa maneno mengine, tafuta wastani wa pande mbili sambamba, kisha uzidishe kwa umbali wa wima kati yake. Wastani wa 50 na 80 ni 65. Kimo ni 40.

65 × 40 = 2,600

Jumlisha bustani na nyumba: 600 + 2,600 = 3,200. Hesabu imefunga.

Tuone sasa ingekuwaje kwa anayetumia 50 ya mshazari. Trapeza ingekuwa 65 × 50 = 3,250. Kipande kingekuwa kikubwa kuliko kiwanja kilichokatwa! Hakuna mkate unaotoa kipande kikubwa kuliko mkate wenyewe. Kila unapokata umbo, jumlisha vipande na ulinganishe na eneo zima lililopatikana kwa njia nyingine. Lakini angalia pia kwamba kujumlisha peke yake hakutoshi. Aliyekosea kote, akapata 750 kwa pembetatu na 3,250 kwa trapeza, angejumlisha 4,000 na kufurahi kwamba imelingana na 80 × 50. Kosa likirudiwa kila mahali hujithibitisha lenyewe. Kwanza hakikisha pembe mraba, ndipo ujumlishe.

Upande wa mshazari una kazi yake

Mita 50 za kando hazikupimwa bure. Ukitaka kuzungushia seng'enge, unahitaji urefu wa mipaka yenyewe: 80 + 50 + 80 + 50 = mita 260. Anayetumia 40 hapo atapungukiwa na mita 20 za seng'enge. Kwa hiyo kabla ya kuchagua namba, jiulize swali linataka nini. Ukizunguka ukingoni, tumia pande. Ukijaza ndani, tumia kitako na kimo.

Kabla ya kulipa

Hesabu ya utepe inakusaidia kuuliza maswali, haichukui nafasi ya mpima ardhi mwenye leseni. Hatimiliki huandika eneo kwa hekta. Hekta moja ni mita mraba 10,000, kwa hiyo kiwanja chetu kingesomeka 0.32, na ekari kamili ingesomeka karibu 0.4047. Ukiambiwa ekari na hati inasema 0.32, simama hapo kwanza. Upekuzi rasmi wa ardhi ya Nairobi hufanywa kupitia mtandao wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021.

ZOEZI

Chora kila umbo kabla ya kuhesabu. Weka alama ya pembe mraba mahali panapostahili, na uzungushie duara namba ambayo hutaitumia.

1. Bustani ya msambamba ina kitako cha mita 12, upande wa mshazari wa mita 10, na umbali wa wima kati ya vitako ni mita 8. Tafuta eneo.

2. Ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa una upana wa mita 8 chini. Kila mteremko wa paa una mita 5, na kutoka katikati ya kitako hadi kileleni ni mita 3. Fundi anataka kuupaka rangi. Ni mita mraba ngapi?

3. Pembetatu ina pande za mita 11, 13 na 20. Kitako ni upande wa mita 11. Mstari wa wima kutoka kileleni unaangukia mita 5 nje ya kitako, na urefu wake ni mita 12. Tafuta eneo.

4. Mfereji wa maji ya mvua una mkato wa umbo la trapeza. Juu una upana wa mita 1.2, chini mita 0.6, kina chake ni mita 0.4, na kila ubavu ulioinama una mita 0.5. Mfereji una urefu wa mita 60.
(a) Ni mita ngapi za ujazo za udongo zitakazochimbwa?
(b) Ni mita mraba ngapi za sakafu na mbavu zitakazopigwa saruji?

5. Msambamba una pande za mita 15 na mita 10. Vimo vyake viwili ni mita 8 na mita 12. Ni kimo kipi kinakwenda na upande upi? Tafuta eneo kwa njia mbili.

6. Trapeza imechorwa imelala ubavu: pande zake sambamba, mita 7 na mita 13, zimesimama kushoto na kulia. Upande wa chini una mita 8 na unakutana na pande zote mbili kwa pembe mraba. Upande wa juu umeinama na una mita 10. Tafuta eneo.

7. Jirani anasema kiwanja chake ni msambamba wenye pande za mita 20 na mita 14, na anataka umwambie eneo. Utamjibu nini?

MAJIBU NA MAELEZO

1. 12 × 8 = mita mraba 96. Namba 10 haitumiki. Aliyepata 120 ametumia mshazari.

2. ½ × 8 × 3 = mita mraba 12. Mita 5 ni urefu wa mteremko wa paa. Zingehitajika kama ungekuwa unanunua mabati, si rangi ya ukuta. Aliyepata 20 angenunua rangi ya ziada ya mita mraba 8.

3. ½ × 11 × 12 = mita mraba 66. Kimo kiko nje ya umbo. Aliyepata 71.5 ametumia upande wa 13. Aliyepata 96 ameongeza zile mita 5 kwenye kitako na kuhesabu pembetatu nyingine iliyo kubwa zaidi.

4. (a) Wastani wa 1.2 na 0.6 ni 0.9. Mkato una eneo la 0.9 × 0.4 = mita mraba 0.36. Udongo ni 0.36 × 60 = mita 21.6 za ujazo. Anayetumia 0.5 atapata 27, na mwenye kazi atalipia mita 5.4 za ujazo ambazo hazikuchimbwa.
(b) Hapa saruji inapigwa juu ya mbavu zenyewe, kwa hiyo mshazari ndio sahihi: 0.5 + 0.6 + 0.5 = mita 1.6, mara 60 ni mita mraba 96. Anayetumia kina cha 0.4 badala ya 0.5 atapata 84, na saruji itamwishia njiani.

5. Kitako 15 kinakwenda na kimo 8, na kitako 10 kinakwenda na kimo 12. Njia zote mbili zinatoa mita mraba 120. Mchanganyiko wa 15 na 12 unatoa 180, ambao hauwezekani, maana hata mstatili wa 15 kwa 10 una 150 tu. Kumbuka pia kwamba upande mrefu huenda na kimo kifupi.

6. Wastani wa 7 na 13 ni 10. Kimo ni mita 8, ingawa kwenye mchoro kimelala. Eneo ni 10 × 8 = mita mraba 80. Kimo hakimaanishi mstari unaosimama kwenye karatasi. Kinamaanisha umbali wa wima kati ya pande sambamba, karatasi ikigeuzwa vyovyote.

7. Mwambie vipimo havitoshi. Eneo linaweza kuwa mita mraba 280 kama pembe ni mraba, na linaweza kuwa chini ya hapo kwa kiasi chochote kadiri kiwanja kilivyoinama. Mwombe mwanzo wa utepe ushikiliwe kwenye bikoni moja ya nyuma, utepe utembezwe kando ya mpaka wa mbele, au mstari wake uliorefushwa ikibidi, na akusomee namba ndogo kuliko zote.